Sukuma-vuta kwa mahindi ya Muheza: panda uzio wa mabingobingo kabla ya kupanda hindi

Nondo wa bungua, kiwavi anayetoboa mabua ya mahindi, hutembea usiku. Jua likishazama, jike lililopandwa huanza kutafuta pa kutagia, na huongozwa na harufu. Mchana hutamwona kwa urahisi, kwa hiyo mkulima hugundua kuwa ameingiliwa wiki mbili au tatu baadaye, majani yakianza kutoboka. Wakati huo kiwavi yuko ndani ya moyo wa mhindi, na karibu ataingia kwenye bua. Akishaingia, dawa ya kunyunyiza haimfikii tena.

Sukuma-vuta hufanya kazi kabla ya hapo, pale nondo anapochagua pa kutaga. Pembeni mwa shamba unazungushia mabingobingo, majani ya malisho yanayomvutia kuliko mahindi, na katikati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, mkunde wa kumsukuma nje. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, huko Mbita kwenye kingo za Ziwa Victoria upande wa Kenya, kiliutengeneza mfumo huu miaka ya 1990 pamoja na Rothamsted ya Uingereza. Mwongozo huu ni wa mkulima wa Muheza na mabonde ya jirani, mwenye ng'ombe mmoja au wawili na anayelima mahindi ya masika. Nimeuchagua ukanda huu kwa sababu mabingobingo tayari tunayo: wafugaji wa Tanga wamelisha ng'ombe wa maziwa kwayo kwa miaka mingi. Tatizo letu ni kwamba tunayapanda mahali pasipofaa na kwa wakati usiofaa.

Hakikisha kwanza ni bungua

Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini mwaka 2017, kila tobo kwenye jani linatupiwa wao. Fungua moyo wa mhindi ulioharibika utazame. Kiwavijeshi ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa usoni, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangika kama pembe za mraba. Huacha matundu makubwa yaliyochanika na kinyesi kingi chenye unyevu.

Bungua wa ukanda wetu wa chini kwa kawaida ni yule mwenye madoa, ambaye watafiti humwita Chilo. Asili yake ni Asia. Rangi yake ni ya maziwa yaliyochanganyika na uwaridi kidogo, kichwa ni cha kahawia, na mgongoni ana safu za madoa meusi. Akiwa mdogo hukwangua jani na kuacha vidirisha vyeupe. Jani likifunguka unaona matundu madogo yamepangana mstari mmoja kukatiza jani, kwa sababu alilitoboa likiwa bado limejikunja. Huko Lushoto juu milimani yupo bungua mwingine, mnene zaidi na asiye na madoa ya kuonekana. Mpango wa kupanda ni ule ule.

Dalili ya pili ni moyo mfu. Jani la katikati limenyauka ilhali ya pembeni ni mabichi; ukilivuta linatoka mkononi bila shida, na chini limeoza. Baadaye utaona vitundu kwenye bua, na unga kama wa msumeno umemwagika kwenye maungio ya majani.

Mayai nayo yatafute. Yako upande wa chini wa jani, yamelaliana kama magamba ya samaki, mara nyingi karibu na uti wa jani. Huanguliwa ndani ya siku chache. Kuanzia yai hadi nondo mpya ni mwezi mmoja hadi mwezi na nusu kwa joto letu, kwa hiyo zao moja la mahindi linaweza kubeba vizazi viwili au zaidi.

Pima shamba kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na hawaambiwi. Uzio wa mabingobingo unakula ardhi, na jinsi kiwanja kilivyo kidogo ndivyo unavyokula sehemu kubwa zaidi.

Chukua kiwanja ambacho mahindi yatakaa kwenye mraba wa mita 30 kwa 30. Acha mita moja wazi kuzunguka mahindi, ili majani marefu yasiyafunike na mizizi isigombee mbolea. Baada ya mita hiyo inakuja mistari mitatu ya mabingobingo, kila mmoja sentimita 75 kutoka mwenzake, na shina hadi shina sentimita 50. Mstari wa ndani una upande wa mita 32, wa kati mita 33 na nusu, wa nje mita 35. Ukizunguka yote mitatu umetembea mita 402, na ukipanda kila nusu mita utahitaji vipande 804. Andaa 900, maana vingine havitashika.

Eneo zima sasa ni mita 35 kwa 35, yaani mita za mraba 1,225, zaidi kidogo ya robo ekari. Mahindi yamekalia 900. Robo nzima ya ardhi imekwenda kwenye malisho na njia. Ukipunguza mahindi yawe mraba wa mita 15 kwa 15, uzio uleule unafikisha kiwanja mita 20 kwa 20, na mahindi yanabaki na asilimia 56 tu. Kwa mahindi ya mita 50 kwa 50 yanabaki asilimia 83. Lakini usivuke hapo: kipimo cha mita 50 kwa 50 ndicho kikomo kinachoshauriwa, kwa sababu katikati ya shamba pana panakuwa mbali mno na uzio. Mwenye ekari mbili azigawe vipande.

Kwa hiyo mimi humwambia mtu asiye na mfugo, wala jirani wa kumuuzia majani, afikirie mara mbili. Robo ya shamba iliyopandwa majani yasiyokatwa ni hasara, na majani yasiyokatwa huzeeka. Mwenye ng'ombe hesabu yake ni nyingine kabisa, maana angelazimika kutafuta majani hayo hayo barabarani. Na wenye vishamba vidogo vinavyopakana wanaweza kuviunganisha ndani ya uzio mmoja, kila mmoja akatunza upande wake.

Jambo moja la Muheza: ukiwa na michungwa mikubwa upande mmoja wa shamba, usipande mstari wa mabingobingo chini ya kivuli chake. Yatakonda na upande huo utabaki kama mlango wazi. Sogeza kiwanja kwenye jua.

Vuli: panda uzio

Makosa yanayoua mfumo huu ni kupanda mabingobingo siku moja na mahindi. Hindi likiwa na wiki mbili tu limeshaanza kumvuta nondo, na uzio wenye vichipukizi vya kiganja hauwezi kushindana nalo. Kwa masika yetu, ambayo huanza katikati ya Machi, panda uzio kwenye mvua za vuli za Oktoba na Novemba. Ndani ya mraba unaweza kulima vuli yako kama kawaida.

Chagua mashina yaliyokomaa, ya miezi mitatu au zaidi. Aina ya Bana inapendwa kwa sababu majani yake hayana manyoya mengi ya kuwasha, na ng'ombe wanaila vizuri. Kata vipande vyenye macho matatu. Shina moja zuri hutoa vipande vitatu au vinne, kwa hiyo mashina 300 yanakutosha. Chomeka kipande kikiwa kimelala upande, macho mawili yakae ardhini na moja libaki juu, likitazama juu. Kipande kilichochomekwa kichwa chini hakioti vizuri, na ni rahisi kukosea ukiwa na mzigo wa vipande 900, hivyo unapokata panga ncha zote upande mmoja. Weka konzi mbili za samadi iliyooza kwa kila shimo.

Mbegu hii usiichukue kwenye shamba lenye mashina yaliyodumaa, yenye vijani vingi vidogo vya manjano. Huo ni ugonjwa wa kudumaa, na husafiri ndani ya vipande. Vilevile acha shamba ambalo majani yametoa masuke meusi yenye vumbi la masizi. Ukikuta shina la namna hiyo kwako, ling'oe lote na mizizi yake, kukata hakutoshi. TALIRI Tanga, kituo cha utafiti wa mifugo kilichopo Buhuri, ni mahali pa kuanzia kuulizia vipando safi vya malisho.

Sehemu kavu kama Handeni, tumia brakiaria aina ya Mulato badala ya mabingobingo, mistari mitatu, sentimita 50 kwa 50. Inavumilia ukame kuliko mabingobingo. Usibadilishe kwa majani mengine yoyote kwa kuwa tu yanafanana. Si kila jani refu linafanya kazi hii, na sababu ni hii: nondo hutaga kwa wingi kwenye mabingobingo, lakini viwavi wanapoanguliwa na kujaribu kutoboa, mmea hutoa utomvu unaonata na wengi wao hufa wakiwa wadogo. Jani linalomvutia nondo na pia kulea watoto wake lingekuwa kitalu cha bungua kando ya mahindi yako.

Kufikia mwisho wa Januari uzio una miezi mitatu. Anza kukata mstari wa ndani, ule ulio karibu na mahindi, ukiacha kisiki cha sentimita 10. Ukichipua vizuri, ndipo ukate wa kati. Lengo ni kwamba hindi linapotokeza Machi, angalau mistari miwili iwe imesimama kufikia kifuani. Kukata yote mitatu kwa mkupuo, kwa sababu ng'ombe hana chakula, ni kuwafukuza nondo waende kwenye mahindi. Kiangazi hicho kina kishawishi kikubwa, najua.

Masika: mahindi na desmodiamu kwa siku moja

Desmodiamu ni mkunde unaotambaa, wenye vijani vitatu vitatu. Wenye majani yenye doa la fedha katikati hupenda ubaridi kidogo na mvua nyingi, kwa mfano kupanda kuelekea Amani. Wenye majani ya kijani bila doa huvumilia joto na ukame kuliko huo, na ndio ningeupanda Muheza bondeni na Bagamoyo.

Lainisha udongo vizuri kuliko unavyozoea kwa mahindi. Mbegu ya desmodiamu ni ndogo sana, na ikifunikwa na bonge haitoki. Kilo moja hutosha ekari, kwa hiyo kwa mraba wetu wa mita 30 robo kilo inatosha. Jaribu uotaji wiki mbili kabla: weka mbegu 100 kwenye kitambaa chenye maji, ndani ya sahani iliyofunikwa. Zikiota chini ya nusu, ongeza kiasi au rudisha mbegu dukani. Mbegu hii ni ghali na haipatikani kila duka, kwa hiyo usiinunue bila kuijaribu.

Vuta kamba. Mistari ya mahindi iwe sentimita 75, na shimo hadi shimo sentimita 30, mbegu moja. Katikati ya kila mistari miwili, chora kwa kijiti kifereji chenye kina cha sentimita moja hadi mbili tu. Changanya mbegu ya desmodiamu na mchanga mkavu uliochekechwa, sehemu moja kwa mbili, ndipo uitiririshe kwa vidole. Bila mchanga, robo kilo itaishia kwenye mistari kumi ya kwanza. Funika kwa udongo kidogo sana. Kwa mraba huu utakuwa na mistari 41 ya mahindi na 40 ya desmodiamu.

Ukikosa mbegu, tumia vikonyo vya jirani mwenye desmodiamu iliyokomaa. Kata vyenye macho matatu, zika mawili, siku ya mvua. Ni kazi ya mgongo, lakini hushika.

Desmodiamu huchelewa kutoka na wiki za mwanzo ni kanyasi ambako mtu asiyekajua hukapalilia. Vibarua wengi wamelima mistari yote 40 kwa jembe bila kujua. Panda kijiti kila mwisho wa mstari, na siku ya palizi ya kwanza, wiki ya tatu, tangulia wewe na uwaonyeshe jani lake. Kwenye mstari wa desmodiamu wenyewe ng'oa magugu kwa mkono. Palizi ya pili ni wiki ya tano. Baada ya hapo ikishafunika ardhi, palizi zitapungua zenyewe.

Kazi yake kwa nondo inaelezwa hivi: hutoa harufu inayofanana na ya mmea ulioshambuliwa, nondo akaepuka. Siku hizi watafiti wanabishana ni kiasi gani ni harufu, na ni kiasi gani ni vinyweleo vyake vyenye ndoano vinavyonasa viwavi. Kwa mkulima jambo la kushika ni moja: msimu wa kwanza mmea bado mdogo, kwa hiyo kazi kubwa inafanywa na uzio. Desmodiamu utaihesabu kuanzia msimu wa pili.

Kwenye kiduha, gugu linalojishika kwenye mizizi ya mahindi, ndiyo haina mpinzani, na Muheza kiduha tunacho. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoziamsha mbegu za kiduha ziote, na nyingine zinazozuia kiduha kujishika kwenye mzizi wa hindi. Kiduha kinaota na kufa bila mwenyeji. Akiba ya mbegu iliyoko ardhini hupungua msimu baada ya msimu. Juu ya hayo, ni mkunde, unaongeza naitrojeni ardhini.

Kagua, na ulinganishe

Acha kipande cha mahindi bila sukuma-vuta, mita 10 kwa 10, mahali pengine shambani, mbali na uzio. Bila hicho hutajua kama mwaka huu bungua walikuwa wachache au mfumo umefanya kazi.

Wiki ya tatu tangu hindi kutokeza, ingia kwa mwendo wa kupindapinda, simama sehemu tano, na kila sehemu tazama mimea 20 iliyofuatana. Hesabu yenye vidirisha, matundu ya mstari au moyo mfu. Fanya hivyo pia kwenye kipande cha kulinganisha, na rudia wiki ya sita. Andika pia ni sehemu ipi ya shamba.

Tuseme umepata 6 ndani na 22 nje: mfumo unafanya kazi. Ukipata 20 na 22, tazama ilipo mimea iliyoshambuliwa. Ikiwa imejazana upande mmoja, nenda kwenye uzio wa upande huo. Utakuta pengo, kivuli, au mbuzi wa jirani. Ikiwa imejazana katikati na pembeni ni safi, kiwanja ni kipana mno. Ikiwa imetawanyika kote, uzio ulikuwa mfupi kuliko mahindi wakati nondo walipokuja. Huo ndio mkosi wa kawaida wa mwaka wa kwanza.

Mama mmoja wa Mkuzi aliniuliza, "Mwanangu, na uzio wenyewe je? Si umejaa matundu?" Umejaa, na ndivyo inavyotakiwa. Majani ya mabingobingo yaliyotobolewa ni ushahidi kwamba nondo walitaga huko. Usiyanyunyizie dawa. Pasua mashina kadhaa, utaona viwavi wadogo waliokufa au matundu yaliyoishia njiani.

Ukikuta kando ya kiwavi aliyelegea kijifungu cha vifuko vyeupe, vidogo kama punje za mchele zilizofungwa kwa pamba, kiache. Humo mna nyigu mdogo anayeishi kwa kuwala bungua. Mmoja wa jamii hiyo aliletwa kutoka Asia akaachiliwa pwani ya Kenya mwaka 1993, akasambaa hadi kwetu. Dawa inayomuua bungua humuua na yeye.

Viwavijeshi vamizi nao hupungua kwenye mashamba ya sukuma-vuta ya brakiaria na desmodiamu, lakini usiache kukagua moyo wa mhindi kwa sababu hiyo. Palipozidi, tibu mmea kwa mmea.

Baada ya kuvuna

Bungua hupitisha kiangazi ndani ya mabua makavu, amelala. Mabua yaliyosimama shambani au yaliyorundikwa kwenye kivuli ni ghala lake. Katakata ulishe, au yalaze tambarare, safu nyembamba, juani kwa wiki nne hivi, ndipo uyatumie kwa uzio au matandazo. Kuyachoma kunaua bungua lakini kunateketeza mboji.

Desmodiamu hubaki, ni ya miaka. Usilime shamba zima kwa trekta. Kabla ya mvua zinazofuata ikate, ukiacha sentimita 6 juu ya ardhi, ulishe juu ya mabingobingo: fungu dogo lake kwenye hori huongeza protini ambayo mabingobingo peke yake hayana. Kisha chimba mistari ya mahindi palepale palipokuwa mahindi, ukiacha mistari ya desmodiamu bila kuguswa. Ikianza kupanda juu ya mahindi machanga, ipunguze pembeni kwa mundu.

Uzio unaanza kukatwa mstari wa ndani tena, uleule mwendo, mmoja kwa wakati. Ulipo na pengo, chomeka kipande kipya siku za kwanza za mvua na si baadaye, kwa sababu kikichelewa kitafunikwa na wenzake na pengo litabaki mwaka mzima.